Nyaya Mbili Zinazosemesha Gari Zima

Gari lililotumika likishushwa Mombasa au Dar es Salaam kutoka Japani, kitu ambacho mwenyewe hukimbilia kubadilisha ni redio. Stesheni za FM za Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za huko huishia 90, ilhali zetu ziko kati ya 88 na 108. Redio iliyokuja na gari hukamata stesheni chache za mwanzoni, basi. Baada ya redio hufuata kengele ya wizi, kamera ya nyuma, na kama gari ni la mkopo, traka ya kuonyesha lilipo. Fundi anaingiza mkono chini ya dashibodi kutafuta umeme, na katikati ya msitu wa nyaya anakutana na mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Hizo si nyaya za umeme wa kuwashia kitu. Ndizo zinazobeba mazungumzo ya gari.

Gari la leo lina kompyuta ndogo nyingi, ambazo mafundi huziita moduli. Injini ina yake, gia ina yake, breki za ABS, usukani wa umeme, mifuko ya hewa na dashibodi vivyo hivyo. Zamani kila taarifa ilihitaji waya wake kutoka sensa hadi pale inapotumika, na kadiri sensa zilivyoongezeka ndivyo mafungu ya nyaya yalivyozidi kuwa manene na mazito. Mwaka 1986, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mjini Detroit njia nyingine, iliyoitwa CAN: moduli zote ziunganishwe kwenye jozi moja ya nyaya, na kila moja izungumze humo.

Ujumbe wa CAN haumtaji mpokeaji. Moduli ya ABS hupiga mbiu kwamba mwendo wa magurudumu ni kiasi fulani, na zote zinausikia. Dashibodi huchukua namba hiyo ili isogeze mshale, gia huichukua ili ijue wakati wa kubadilisha, na asiyeihitaji huiacha ipite. Kila ujumbe huanza na namba ya utambulisho. Moduli mbili zikianza kusema kwa wakati mmoja, yenye namba kubwa hunyamaza yenyewe na kungoja, na ile yenye namba ndogo huendelea bila kukatizwa. Ndiyo maana mambo ya haraka, kama ya breki, hupewa namba ndogo, na mambo ya viyoyozi na vioo hupewa kubwa.

Nyaya zenyewe huitwa H na L. Pakiwa kimya, zote mbili hukaa karibu na volti 2.5. Moduli inapotuma alama, H hupanda hadi kama 3.5 na L hushuka hadi kama 1.5. Wasikilizaji hawapimi volti ya waya mmoja. Wanapima tofauti kati ya hizo mbili. Kelele ya umeme kutoka kwenye plagi au alternata ikiingia, huzigusa zote kwa kiasi kinacholingana kwa sababu zimesokotwa, na tofauti inabaki ileile. Kwenye njia kuu ya magari mengi, alama hizi hupita kwa kasi ya biti 500,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo alama ikifika mwisho wa waya hurudi nyuma kama mwangwi na kuvuruga inayofuata. Kwa hiyo kila ncha ya njia huwekwa rezista ya omu 120 ili kuumeza mwangwi huo.

Sasa tuchukue gari dogo lililofungwa traka inayotaka kusoma kiwango cha mafuta na mwendo. Fundi amezichubua zile nyaya mbili, akaunga nyaya za traka, akazivuta zaidi ya mita moja hadi nyuma ya kabati la dashibodi, akafunga tepu. Ndani ya traka kuna rezista nyingine ya omu 120, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Gari linawaka na kuondoka vizuri. Siku chache baadaye, kwenye barabara ya matuta, taa ya ABS inawaka, usukani unakuwa mzito, gia inakataa kubadilika. Dereva anazima gari, anawasha tena, kila kitu kimerudi sawa.

Kilichotokea ni hiki. Rezista tatu badala ya mbili zimepunguza ile tofauti ya volti ambayo wasikilizaji wanaitegemea. Tawi refu la waya limeleta mwangwi wake. Kwa kasi ya juu kabisa ya CAN ya kawaida, tawi linatakiwa lisizidi sentimita 30 hivi. Kiungo cha tepu nacho kinachezacheza gari linapotikisika. Moduli inayousikia ujumbe ulioharibika huukatiza papo hapo kwa alama ya kosa, na aliyetuma huanza upya. Lakini kila moduli hujihesabia makosa: ikishindwa kutuma inajiongezea 8, ikifaulu inapunguza 1 tu. Hesabu ikipita 255 hujitoa kabisa kwenye mazungumzo ili isiwasumbue wenzake. Ni mpango wa busara, ila matokeo yake ni kwamba moduli nzima ya breki inaweza kunyamaza kwa kosa la traka.

Hapa ndipo pesa nyingi za watu hupotelea. Mashine ya uchunguzi itaonyesha kodi kama `U0121`, maana yake mawasiliano na moduli ya ABS yamepotea. Fundi mwenye haraka husema ABS imekufa, na mwenye gari hununua nyingine. Kodi inayoanza na U inamtaja asiyesikika. Haisemi nani kamziba mdomo. Kodi kama hizo zikiwa kadhaa, za moduli zisizohusiana, na gari limefungwa kitu kipya karibuni, mimi ningeanzia kwenye kile kitu kipya kabla ya kugusa breki.

Kipimo chake ni rahisi. Ondoa waya wa betri, ngoja dakika chache, kisha kwa mita pima omu kati ya pini namba 6 na 14 za soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani. Rezista mbili za 120 zilizounganishwa sambamba hutoa 60. Ukipata 40, kuna ya tatu imeongezwa, kama kwenye gari letu. Ukipata 120, ncha moja imekatika. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Chomoa traka, pima tena. Ikirudi 60, umempata mkosaji.

Kipimo hiki kina mipaka. Traka iliyopangiwa kasi ya 250,000, inayotumika kwenye malori mengi, ikifungwa kwenye njia ya 500,000 inaweza kutoonyesha tofauti yoyote kwenye mita, kumbe kila ujumbe wa wenzake inauona kosa na inaukatiza. Na kwenye magari mengi mapya, soketi hiyo huishia kwenye moduli ya lango, kwa hiyo unachopima si njia zote za ndani. Huko inabaki kuchomoa kifaa, kufuta kodi na kuliendesha gari.

Kwa redio, taa na kamera, umeme uchukuliwe kwenye betri au boksi la fyuzi, kwa fyuzi yake na rilei yake, na ardhi ifungwe kwenye bodi mahali pake. Kwa kutafuta waya, taa ya kupimia yenye balbu isichomwe kwenye nyaya zilizosokotwa: balbu huvuta mkondo na kuiangusha volti ya mazungumzo, itumike mita. Traka inayohitaji kweli taarifa za gari ifungwe kwa kibanio kinachosoma juu ya ngozi ya waya bila kuuchubua, au iwekwe kwenye hali ya kusikiliza tu, ambapo haiwezi kutuma hata alama ya kosa.