Mkataba wa Kabla ya Ndoa: Kulinda Kiwanda cha Familia Bila Kumdhulumu Mwenzi

Tuchukue mfano wa kijana wa Nakuru anayetaka kuoa. Ana asilimia 40 ya hisa katika kiwanda cha mikate alichoanzisha baba yake, na ana nyumba aliyoinunua kabla hajamjua mchumba wake. Mchumba ni muuguzi, naye ana akiba ya shilingi 800,000. Wamekubaliana kwamba baada ya harusi ataacha kazi ya hospitali aje kusimamia mauzo ya kiwanda. Mzee wa kiwanda ana ombi moja tu: jasho lake lisije likagawanywa mahakamani siku vijana hawa wakiachana.

Nchini Kenya ombi hilo lina njia ya kisheria. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 kinawaruhusu wachumba kuandikiana mkataba kabla ya ndoa na kuamua nani atakuwa na haki gani katika mali. Lakini kifungu hichohicho kinampa kila mmoja wao nafasi ya kwenda mahakamani kuomba mkataba ufutwe, kwa sababu tatu: ulipatikana kwa udanganyifu, ulipatikana kwa kushurutishwa, au dhuluma yake iko wazi. Ndiyo maana mkataba wa kichoyo ni kinga dhaifu. Anayetaka mali yake ilindwe kweli sharti amwandikie mwenzake haki yake mle mle ndani.

Mtu anaweza kuuliza mkataba ni wa nini, ilhali kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinasema mali ambayo mtu aliipata au kuirithi kabla ya ndoa si mali ya ndoa. Kinga hiyo ni ya kweli, ila ina mianya miwili, na vijana wetu wanaielekea yote.

Mwanya wa kwanza ni nyumba. Sheria inaihesabu nyumba wanamoishi mume na mke kuwa mali ya ndoa, hata kama anayeimiliki ni mmoja wao. Kijana akimpeleka mkewe kuishi katika ile nyumba aliyoinunua zamani, kinga ya kifungu cha 5 inaingia kwenye ubishi. Mkataba unapaswa kuamua mapema. Kwa mfano, nyumba ibaki ya mume, lakini wakiachana mke apate fedha za kuanzia makao mengine, au wanunue pamoja nyumba ya kuishi na ile ya zamani iendelee kupangishwa.

Mwanya wa pili ni jasho la mwenzi. Kifungu cha 9 kinasema mwenzi aliyechangia kuiboresha mali isiyo ya ndoa anapata haki ndani yake kulingana na mchango wake. Na mchango si fedha peke yake. Kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba, vyote vimetajwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi kila mali ikatwe nusu kwa nusu. Kila mmoja huonyesha alichangia nini. Kwa hiyo muuguzi wetu akiendesha mauzo ya mikate kwa miaka 12 bila mshahara, atakuwa na la kudai, na atalidai dhidi ya hisa zilezile ambazo mzee alitaka zisiguswe.

Sasa tuandike mkataba wao. Tuseme siku ya kutia saini mthamini amezipa hisa za kijana thamani ya shilingi milioni 8. Rasimu ya kwanza, iliyoandikwa na wakili wa familia, inasema hisa na faida yake yote ni ya mume, na mke hatadai chochote. Miaka 12 ikipita, hisa zikifikia milioni 20, jaji atamwona mwanamke aliyeacha taaluma yake, akafanya kazi kiwandani, na anaondoka mikono mitupu. Hapo neno dhuluma halihitaji kutafutiwa ushahidi wa mbali.

Rasimu ya pili inazitaja hisa kwa idadi na thamani yake, na inasema zitabaki kwa mume daima. Kisha inampa mke mshahara wa kazi yake kama ambavyo angelipwa meneja wa nje, pamoja na robo ya ongezeko la thamani kwa miaka aliyofanya kazi pale. Kutoka milioni 8 hadi milioni 20 ongezeko ni milioni 12, na robo yake ni milioni 3. Fedha hizo atalipwa taslimu kwa awamu tatu, milioni 1 kila mwaka, ili kiwanda kisilazimike kuuza mashine. Mzee amepata alichokitaka, kwa kuwa hakuna hisa hata moja iliyotoka kwenye ukoo. Mke naye ana kiasi kinachoeleweka. Akiba yake ya 800,000 imeandikwa vilevile kuwa yake, maana mkataba unaomlinda mmoja tu hutiliwa shaka.

Namna ya kuufikia mkataba ina uzito sawa na maneno yake. Kinga dhidi ya madai ya udanganyifu ni kila mmoja kuambatisha orodha ya mali na madeni yake: nakala za hatimiliki, hesabu za kampuni, taarifa za benki. Kipande cha ardhi kilichofichwa kinaweza kuangusha mkataba mzima. Kinga dhidi ya madai ya kushurutishwa ni muda na mawakili wawili. Sheria haijaweka idadi ya siku, lakini saini iliyotiwa wiki ya harusi, kadi zimeshasambazwa na mahari yameshapokewa, inanuka shinikizo. Ni heri kazi ianze miezi kadhaa kabla. Bibi harusi awe na wakili wake, hata kama ada itatoka mfukoni mwa bwana harusi, na wakili huyo athibitishe kwa maandishi kwamba amemweleza mteja anachokiacha, kwa lugha anayoielewa vizuri.

Kwa kuwa sheria inautaja mkataba unaofanywa kabla ya ndoa, mabadiliko yanayotarajiwa yaandikwe humo tangu mwanzo: mtoto akizaliwa, mwenzi akiugua asiweze kufanya kazi, au ndoa ikipita miaka 10, kiwango cha malipo kipande. Baada ya harusi, akaunti ya kiwanda isichanganywe na ya nyumbani. Mkopo wa nyumba ya zamani ukilipwa kwa mshahara wa mke, mchango mpya umezaliwa, na karatasi iliyosainiwa haitaufuta.

Yapo mambo ambayo mkataba huu hauyafikii. Matunzo ya watoto ni haki yao, na wazazi hawawezi kuiuza. Waislamu wanaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, kwa hiyo wao waanze kwa kadhi au mwanasheria anayeijua. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaiacha mali ya kila mmoja ibaki yake, lakini wakati wa talaka mahakama inaweza kugawa hata mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi au kwa nguvu za pamoja.

Na kuna kifo. Nchini Kenya, wosia uliondikwa kabla ya ndoa hufutika mtu anapooa au kuolewa, isipokuwa ulieleza kwamba umeandikwa kwa kutarajia ndoa na mtu aliyetajwa. Mjane aliyeachwa bila riziki ya kutosha anaweza pia kuiomba mahakama impatie fungu katika mirathi. Kijana wetu akiishia kwenye mkataba peke yake, amejiandaa kwa talaka ambayo huenda isitokee, na mauti yatakayokuja kwa hakika ameyaacha bila maandalizi. Siku anapotia saini mkataba, wosia mpya uwe tayari mezani kwa wakili yuleyule.