Kushinda Mara Nyingi, Kubaki na Hasara

Mwaka 2015, wachambuzi wa FXCM, kampuni ya udalali wa fedha za kigeni, walichapisha matokeo ya miamala milioni 43 ya wateja wao. Kwa wale waliokuwa wakinunua na kuuza euro dhidi ya dola, asilimia 61 ya miamala ilifungwa kwa faida. Ukisikia hivyo utadhani akaunti zao zilikuwa zinanona. Hata hivyo, kwa jumla walipoteza fedha.

Siri imo katika kiasi kilichopatikana na kilichopotea kila mara. Muamala ulioshinda uliwapa wastani wa pointi 48, na ulioshindwa uliwagharimu wastani wa pointi 83. Pointi moja hapa ni mabadiliko ya dola 0.0001 katika bei ya euro. Sasa chukua miamala 100. Ile 61 iliyoshinda, mara 48, inaleta pointi 2,928. Ile 39 iliyoshindwa, mara 83, inaondoa pointi 3,237. Pengo ni pointi 309, na ukiligawa kwa 100 unapata hasara ya pointi 3 na ushee kwa kila muamala.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo matarajio ya biashara. Hupatikana kwa kuzidisha kiwango cha ushindi kwa wastani wa faida, kisha kutoa kiwango cha kushindwa kilichozidishwa kwa wastani wa hasara. Inakuambia kila unapoingia sokoni, kwa wastani, unatoka na nini.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia ni ushindi kiasi gani ungetosha. Gawanya wastani wa hasara kwa jumla ya faida na hasara: 83 kwa 131 ni kama asilimia 63. Wateja wale walihitaji kushinda zaidi kidogo ya mara 63 katika 100 ili warudishe fedha zao tu, nao walishinda 61.

Chanzo chake ni tabia ambayo Hersh Shefrin na Meir Statman waliieleza mwaka 1985: mtu huharakisha kuuza kinachompa faida na hung'ang'ania kinachomtia hasara. Treda akiona pointi 20 za faida anafunga asije akanyang'anywa. Akiona pointi 20 za hasara anasubiri bei irudi. Kila ikirudi, kiwango chake cha ushindi kinapanda. Siku isiporudi, hasara moja inameza faida kadhaa.

Sasa tazama daftari la treda wa mfano anayefanya kinyume. Kila hasara anaikata ikifika pointi 30, na faida anaiacha ikue. Katika miamala 50 ameshinda 20 tu, kwa wastani wa pointi 60. Amepata 1,200, amepoteza 900, zimebaki 300, yaani pointi 6 kwa kila muamala. Akitoa gharama za dalali, tuseme pointi 2, anabakiwa na 4. Anakosea mara tatu kati ya tano, lakini yuko mbele.

Kabla hajafurahi, aisome orodha mstari kwa mstari. Tuseme ushindi mmojawapo ulikuwa wa pointi 340, siku benki kuu ilipotangaza riba. Akiuondoa, faida zilizobaki ni 860 dhidi ya hasara 900, na matarajio yanakuwa hasi hata kabla ya gharama. Muamala mmoja ndio uliobeba daftari zima. Haimaanishi kwamba mbinu ni mbovu, kwa kuwa mbinu za kufuata mwelekeo wa bei huishi kwa ushindi mkubwa wa nadra. Inamaanisha miamala 50 haijatosha kumwambia kama ushindi wa aina hiyo utajirudia.

Aangalie pia ukubwa wa loti. Pointi huwa na maana ikiwa kila muamala umeweka rehani kiasi kilekile cha fedha. Aliyeongeza loti maradufu baada ya kushindwa anaweza kuwa na pointi za faida huku salio likipungua. Ndiyo maana ni salama zaidi kupima matokeo kwa kiasi kilichowekwa rehani: pointi 4 kwa rehani ya pointi 30 ni kama shilingi 13 kwa kila 100.

Matarajio hayasemi hasara zitakuja kwa mpangilio gani. Kwa anayeshindwa mara 60 katika 100, hasara saba mfululizo ndani ya miamala 50 si ajabu. Akiweka rehani asilimia 2 ya salio kila mara, saba hizo zitamtoa asilimia 13. Akiweka 10, zitamla zaidi ya nusu, kwa mbinu ileile yenye matarajio yaleyale. Na matarajio yakiwa hasi, kupunguza loti kutamchelewesha kufilisika, hakutamwepusha.