Kwa Nini Mizani Kubwa Hushindwa na Kitu Kidogo

Muhula uliopita sisi wa kidato cha nne tulipewa kazi iliyoonekana nyepesi kabisa katika maabara. Tuligawanywa makundi manane, na kila kundi lilitakiwa kupima gramu 0.05 za pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya rangi ya zambarau, kisha kuiyeyusha katika maji hata yatimie mililita 250. Baada ya hapo kila kundi lilichota mililita 10 za maji hayo, likaongeza maji safi yakafika mililita 100, na kujaza neli moja ya kioo. Neli zote nane zikapangwa mbele ya karatasi nyeupe.

Tulitazamia kuona rangi moja. La hasha! Neli ya kundi la tatu ilikuwa ya waridi hafifu, na neli ya kundi la saba ilikuwa imekolea sana. Wenzetu walisema kwamba watu wa kundi la saba ni wazembe. Mimi nilikuwa katika kundi la saba, na kioo cha mizani nilikitazama kwa macho yangu mwenyewe: kiliandika 0.05. Kundi la tatu nao waliapa kwamba chao kiliandika vivyo hivyo. Mwalimu wetu wa kemia alicheka, akatuambia kwamba sote twasema kweli, ila tumeiuliza mizani swali isiloweza kulijibu. Katika makala hii nataka kueleza maana ya maneno hayo.

Mizani yetu ni ya umeme. Yaweza kubeba hadi gramu 500, na huonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, yaani hatua yake ndogo kabisa ni gramu 0.01. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana kitu kinapowekwa juu ya sahani, na nyuzi nyembamba zilizogandishwa juu ya chuma hicho hupima huko kupinda. Chuma hicho kimetengenezwa kustahimili gramu 500 bila kuharibika. Kwa hiyo gramu 500 ni hatua 50,000, na gramu 0.05 tulizotaka sisi ni hatua tano tu. Ni kama kumwendea muuza magunia ya mahindi na kumwomba akupimie punje tano kwa mizani yake ya magunia.

Lakini udogo wa hatua si shida yote. Upepo wa feni, mtikisiko wa meza mtu anapopita, joto la mkono, na hata umeme wenyewe ulio ndani ya mizani, vyote huifanya tarakimu ya mwisho ipande na kushuka. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kosa hilo halipungui kwa sababu kitu ni kidogo. Lafanana na nauli ya kivuko. Mwenye kikapu cha samaki na mwenye samaki mmoja wakilipa nauli ile ile, yule wa kwanza haoni uchungu, bali wa pili huenda nauli ikala robo ya bei ya samaki wake. Ndivyo ilivyo katika mizani. Kosa la gramu 0.01 katika gramu 100 si kitu, lakini katika gramu 0.05 ni sehemu moja kwa tano.

Sasa twawezaje kulijua kosa la mizani yetu? Njia yake si ngumu. Tulichukua jiwe la mizani la gramu 2, tukaliweka juu ya sahani, tukasoma, tukaliondoa, tukahakikisha kioo kimerudi sifuri, kisha tukaliweka tena, hata zikatimia mara kumi. Hizi ndizo hesabu tulizoandika:

2.00, 2.01, 2.00, 2.00, 1.99, 2.00, 2.01, 2.00, 2.00, 1.99

Wastani wake ni 2.00. Kisha tulitafuta kila hesabu imeachana na wastani kwa kiasi gani, tukazidisha kila tofauti kwa yenyewe, tukajumlisha, tukapata 0.0004. Jumla hiyo tuligawanya kwa 9, yaani idadi ya vipimo kasoro moja, na mwisho tukatafuta kipeuo cha pili chake. Jibu lilikuwa gramu 0.0067. Namba hii tutaiita mtawanyiko, kwa kuwa yaonyesha jinsi vipimo vinavyotawanyika, ingawa kitu ni kile kile.

Katika vipimo 100, karibu 95 huangukia ndani ya mitawanyiko miwili kila upande wa wastani. Kwa sababu hiyo huchukuliwa mara mbili ya mtawanyiko kuwa kiasi cha shaka. Shaka ya mizani yetu basi ni gramu 0.0133. Ilinganishe na gramu 0.05 tulizotaka, nawe utaona kwamba ni asilimia 27! Mtu aliyesoma 0.05 huenda amepata gramu 0.037 au gramu 0.063. Hapo ndipo ilipotoka tofauti kati ya kundi la tatu na kundi la saba, wala haikutokana na uzembe wa mtu.

Kutokana na hesabu hiyo twaweza kujua kitu kidogo kabisa ambacho mizani yetu yafaa kukipima. Kwanza lazima mtu aamue ataridhika na shaka kiasi gani. Mwalimu alisema kwa kazi zetu isizidi asilimia 1. Basi twagawanya shaka ya mizani kwa kiasi hicho:

0.0133 ÷ 0.01 = 1.33

Maana yake, kitu chochote kilicho chini ya gramu 1.33 tusikipime kwa mizani ile, ikiwa twataka kuitegemea hesabu yetu. Watengenezaji wa dawa za hospitali ni wakali zaidi. Kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani, katika sura ya 41, hakikubali shaka hiyo izidi asilimia 0.10 pale kitu kinapotakiwa kupimwa kwa uhakika. Kwa sheria hiyo mizani yetu isingeruhusiwa kupima chini ya gramu 13.3.

Rafiki yangu mmoja hakuridhika. Alizima feni, akafunga madirisha, akapima jiwe lile mara kumi peke yake, na mara zote kumi akapata 2.00. Alikuja mbio akisema mtawanyiko ni sifuri, basi mizani haina kosa. Mwalimu alimweleza kwamba kosa lipo, ila limejificha ndani ya hatua moja, kwani mizani huandika 2.00 kwa kitu chochote kilicho kati ya 1.995 na 2.005. Kwa ajili hiyo sura ile ile ya 41 yaagiza kwamba mtawanyiko ukitokea chini ya 0.41 ya hatua, ichukuliwe hiyo 0.41 ya hatua. Kwa mizani yetu ni gramu 0.0041, na kwa shaka ya asilimia 1 hatuwezi kushuka chini ya gramu 0.82 hata siku tulivu namna gani. Hata mizani bora yenye tarakimu nne baada ya nukta, kwa sheria ya watengenezaji wa dawa, haiwezi kushuka chini ya gramu 0.082. Kwa hiyo gramu zetu 0.05 zingeishinda hiyo pia.

Mwingine alileta hila. Alisema, tuweke kwanza bika yenye gramu 100, kisha tutie dawa ndani yake. Sasa mizani yapima gramu 100.05, nayo ni zaidi ya 1.33. Hila hii haifai. Ili kuijua dawa yenyewe ni lazima tuondoe uzito wa bika, na tukiondoa gramu 100, shaka ya gramu 0.0133 haiondoki pamoja nazo. Yabaki yote ikiikalia ile dawa kidogo. Kinachohesabiwa ni uzito wa dawa peke yake.

Kuna mtego mwingine unaofaa kujulikana. Mizani nyingi za umeme zimewekewa namna ya kujirudisha sifuri zenyewe, ili zisitangetange kwa ajili ya joto. Ukinyunyiza unga polepole, chembe baada ya chembe, mizani hudhani kwamba sifuri yake imehama, nayo huimeza kila chembe na kuendelea kuandika 0.00. Ukiona unga upo juu ya sahani na kioo chasema hakuna kitu, ujue sababu ndiyo hiyo. Dawa yake ni kuweka kwanza juu ya sahani kitu chenye uzito wa gramu kadhaa bila kubonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha kutia unga na kutoa hesabu mwenyewe. Jambo hili laondoa mtego huo tu, halipunguzi ile gramu 1.33.

Je, tufanyeje tukihitaji gramu 0.05 na hatuna mizani nyingine? Njia ni kupima kingi na kugawa kwa maji. Wiki iliyofuata tulipima gramu 2.00 za pamanganeti, ambapo shaka ya gramu 0.0133 haifiki hata asilimia 0.7. Tuliziyeyusha zote, tukahakikisha hakuna chembe iliyobaki chini, tukaongeza maji yakatimia lita moja. Kila mililita 25 za maji hayo zina gramu 0.05 za dawa. Kila kundi lilichota mililita 25 kwa pipeti na kuzifikisha mililita 250. Pipeti ya daraja B ya ukubwa huo huruhusiwa kukosea mililita 0.06, yaani karibu asilimia 0.24 tu. Maji yaliyobaki tuliyaweka katika chupa nyeusi, kwani mwanga huiharibu pamanganeti.

Njia hii ina mpaka wake. Kama gramu 2.00 zimepimwa vibaya, makundi yote nane yatakosea pamoja, na rangi zitafanana bila kuonyesha kosa. Kwa sababu hiyo gramu 2.00 zile tulizipima mbele ya mwalimu, baada ya kuijaribu mizani kwa jiwe la gramu 2.

Tulipanga tena neli nane mbele ya karatasi nyeupe, na safari hii hakuna aliyeweza kusema ipi ni ya kundi la tatu na ipi ni ya kundi la saba. Karatasi yenye "gramu 1.33" sasa imebandikwa kando ya mizani, pamoja na tarehe ya jaribio, kwani mizani ikihamishwa au feni ikiongezwa, vipimo kumi vitapaswa kurudiwa upya.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne