Karakana ya Useremala: Mbao Ndiyo Ipime Chumba

Seremala anayehamia katika jengo jipya mara nyingi hutafuta kwanza soketi ya umeme ilipo, kisha huiweka mashine karibu nayo. Kipimo cha kwanza kinapaswa kuwa mbao. Mbao nyingi zinazouzwa nchini huwa na urefu wa futi 12, yaani karibu mita 3.7. Ili ipasuliwe kwa urefu katika msumeno wa meza, mbao hiyo huhitaji urefu wake wote mbele ya msumeno kabla haijaingia, na urefu uleule upande wa pili inapotoka. Ukiongeza nafasi ya fundi kusimama, ni lazima pawepo mstari wazi wa takriban mita 8.

Chukua mfano wa chumba chenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 10. Msumeno ukielekezwa kwa upana, ncha ya mbao itagonga ukuta kabla haijapasuliwa yote, na fundi atalazimika kuigeuza katikati ya kazi, jambo la hatari. Ukielekezwa kwa urefu wa chumba, nafasi inatosha. Mashine ya kuranda ikae sambamba na msumeno, ikiacha mita moja ya kupita kati yake, ili zote mbili zitumie uwazi uleule kwa zamu. Meza ya mashine hiyo isizidi kimo cha meza ya msumeno, la sivyo mbao ndefu itakwama juu yake.

Upande anakosimama fundi una hatari yake. Meno ya msumeno huzunguka kumwelekea, kwa hiyo mbao inapobana nyuma ya msumeno hurushwa kwake kwa nguvu kubwa. Bapa la chuma linalokaa nyuma ya msumeno, ambalo mafundi wengi huling'oa kwa kuona linawachelewesha, huzuia mpasuo usijifunge na kubana. Hata likiwepo, nyuma ya fundi pasiwe njia, mlango wala meza ya mtu mwingine. Ndiyo maana katika chumba cha mfano mlango wa kuingizia mbao unafaa kuwa ubavuni, karibu na kona ya nyuma, jirani na rafu ya mbao. Kutoka hapo mbao hupita kwenye msumeno na randa, kisha meza za kuungia zilizo karibu na madirisha, na samani hutoka kwa mlango wa mbele. Hakuna fundi anayebeba mbao mbele ya mashine inayofanya kazi.

Vumbi ni la aina mbili. Maranda huanguka chini na kufagiwa, lakini unga laini hasa wa msasa huelea kwa saa kadhaa na kuingia mapafuni. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule, kwa baadhi ya watu, huleta pia pumu na mwasho wa ngozi. Kuutambua unga huo ni rahisi: karakana itiwe giza na tochi imulikwe kwa ubavu wakati wa kazi, chembe zitaonekana katika mwanga. Chini ya msumeno pajengwe sanduku lililofungwa, lenye tundu la gunia. Kupiga msasa kufanywe nje ya ukuta wa upande ambako upepo unaelekea, mbali na sehemu ya vanishi. Pwani upepo hubadilika kati ya kusi na kaskazi, kwa hiyo kibanda cha msasa kinafaa kihamishike. Sakafu inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, wala vumbi lisipulizwe kwa kompresa.

Kuhusu kelele, iwapo watu wawili waliosimama umbali wa mita moja hawasikilizani bila kupaza sauti, masikio yanahitaji kinga. Jirani naye hulindwa na mpangilio. Rafu ya mbao iwekwe kwenye ukuta unaoelekea nyumba yake, nayo madirisha yafunguke upande mwingine. Ukuta usio na pengo husaidia, lakini tundu dogo chini ya mlango hupitisha sauti nyingi kuliko mwenye karakana anavyodhani. Miguu ya mashine ikalie vipande vya tairi ili mtetemo usipite sakafuni. Msumeno uliochongoka upya pia hupiga kelele kidogo kuliko butu. Nje penye uwazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, hivyo kuihamisha mashine kutoka mita 5 hadi 10 kutoka nyumba jirani hupunguza usumbufu kwa kiasi kinachosikika.

Kwa karakana mpya, mchoro wa mpangilio huu unaweza kutengenezwa kwa mkaa sakafuni kabla mashine hazijafika. Mbao moja ya futi 12 ibebwe na mtu, apite njia yote ya kazi, na kila anapokwama pasahihishwe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mmiliki kusajili eneo lake la kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, maarufu kama OSHA, kabla ya kuanza.