Jiwe la Nyongo: Lini Mgonjwa Ana Siku, Lini Ana Saa

Mtu akiingia katika duka la dawa pale Msimbazi au Mtaa wa Kongo, akashika chembe ya moyo na kusema tumbo limemkaba tangu usiku, mara nyingi hutoka na dawa za vidonda vya tumbo. Akisema ana homa na kutetemeka, hutoka na dawa za malaria. Macho yakiwa ya manjano, jamaa humtafutia mizizi ya kuchemsha, kwa kuwa wengi huuita umanjano wowote homa ya manjano, ingawa homa ya manjano hasa ni ugonjwa mwingine, unaoenezwa na mbu. Wiki hii tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu maradhi mawili ya nyongo yanayopotea ndani ya majina hayo. Yote mawili aghalabu huanzia kwenye jiwe na huuma mahali pamoja, lakini moja humpa mgonjwa siku kadhaa, na lingine huenda likahesabiwa kwa saa.

Nyongo hutengenezwa na ini, ikashuka kwa mrija mkuu hadi mwanzo wa utumbo mdogo. Pembeni mwa mrija huo pana kifuko kinachoihifadhi mpaka mtu ale mafuta. Hapo kifuko hujikamua. Ndiyo sababu wenye mawe huumwa baada ya pilau la harusi, au saa moja mbili baada ya futari yenye sambusa na kachori. Jiwe likiziba shingo ya kifuko, kilichofungwa ni kifuko peke yake, na nyongo ya ini inaendelea na safari yake. Jiwe likiteleza likaziba mrija mkuu, ini zima limefungiwa mlango.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 46, muuza vitenge hapo Kariakoo. Mama huyu ni wa kutungwa, ila mwenendo wa ugonjwa wake ndio wa kawaida. Kwa miezi kadhaa ameumwa chini ya mbavu za kulia, kila mara kwa saa mbili tatu, kisha maumivu yakatulia yenyewe. Safari hii yameanza usiku na hadi asubuhi hayajaondoka. Yanapanda hadi bega la kulia. Anatapika, ana joto la 38, na macho yake ni meupe kama kawaida. Daktari anambonyeza chini ya mbavu za kulia na kumwambia avute pumzi. Pumzi inakatika katikati kwa uchungu. Altrasaundi inaonyesha mawe, na ukuta wa kifuko umevimba kupita milimita 4.

Huu ni uvimbe mkali wa kifuko cha nyongo. Mama analazwa, anazuiwa kula, anatundikiwa dripu, anapewa dawa za maumivu na antibaotiki za mshipani. Tiba yenyewe, hata hivyo, ni kukiondoa kifuko. Upasuaji huu si mgeni: Karl Langenbukh aliufanya mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882. Zamani madaktari wengi walipendelea kuutuliza uvimbe kwanza, mgonjwa arudi baada ya wiki sita. Siku hizi, kwa mgonjwa anayeuweza upasuaji, inashauriwa afanyiwe mapema, yaani ndani ya siku 3 hivi tangu maumivu yaanze, au walau ndani ya wiki. Baada ya hapo nyama hushikamana, na kisu hupata shida kuutambua mrija wa kukatwa na ule wa kuachwa. Asiyeuweza upasuaji, kwa uzee au moyo dhaifu, anaweza kuwekewa mrija mwembamba kupitia ubavuni ukamimina usaha nje. Msomaji asidhani lakini kwamba siku hizo ni za kukaa nyumbani. Kifuko kinaweza kuoza na kupasuka, na kwa wenye kisukari jambo hilo huja upesi huku maumivu yakiwa madogo kuliko yanavyotarajiwa.

Mama wetu alipata nafuu siku ya tatu. Duka lilikuwa limefungwa na fedha za upasuaji hazijapatikana, basi akaomba ruhusa. Sisi tunaiona hiyo ndiyo saa ya hatari katika kisa kizima, kwa sababu antibaotiki zilituliza uvimbe na mawe yakabaki palepale.

Wiki tano baadaye anaanza kutetemeka hata kitanda kinatikisika. Joto limefika 39.5. Maumivu ni yaleyale, pengine hafifu zaidi, lakini weupe wa macho umegeuka manjano na mkojo una rangi ya chai ya rangi. Jiwe limeshuka kwenye mrija mkuu, na vijidudu vya utumbo vimepanda katika nyongo iliyosimama. Daktari Mfaransa Sharko aliziandika dalili hizi tatu pamoja mwaka 1877: maumivu, homa ya kutetemeka na umanjano. Mwaka 1959 wapasuaji wa Marekani waliongeza mbili za hatari zaidi, kushuka kwa shinikizo la damu na kuchanganyikiwa akili.

Uharaka unatokana na msukumo. Mrija ukijaa usaha usio na pa kutokea, vijidudu husukumwa nyuma kupitia ini na kuingia katika damu. Nayo antibaotiki iliyochomwa mshipani haipenyi vizuri ndani ya nyongo iliyozibwa. Kwa hiyo dawa na maji huanza mara moja, lakini kwa aliyezidiwa hazitoshi bila kuzibua. Shinikizo la damu likishuka, mrija unatakiwa ufunguliwe upesi iwezekanavyo, ndani ya saa 12. Aliye na hali ya kati hupewa hadi siku 2 au 3, akichungwa. Aliye na hali nyepesi na akaitikia dawa anaweza kupangiwa siku.

Njia bora ya kuzibua ni kamera ya mpira inayopitishwa kinywani hadi mwanzo wa utumbo mdogo. Mlango wa mrija hukatwa kidogo na jiwe huvutwa. Mgonjwa akiwa taabani, huachiwa kijimrija cha plastiki ili usaha upite, na jiwe lingoje siku nyingine. Pasipo kifaa hicho au mtaalamu wake, sindano hupitishwa ubavuni hadi kwenye mirija ya ini, au mpasuaji huufungua mrija na kuweka bomba lenye umbo la herufi T. Kukiondoa kifuko usiku huohuo si shabaha, kwani upasuaji mrefu katika damu yenye sumu huua.

Si kila mgonjwa atakuwa na dalili zote tatu. Bibi wa miaka 75 huenda asilalamike maumivu, akawa anaongea mambo yasiyoeleweka tu. Altrasaundi nayo huweza kulikosa jiwe lililo chini ya mrija, maana gesi ya utumbo hulifunika. Basi ulizeni kama mrija mkuu umetanuka kupita milimita 6 hivi. Malaria kali huleta homa na macho ya manjano vilevile, kwa hiyo kipimo chake kifanyike. Kikiwa hasi, kutoa dawa za malaria “kwa tahadhari” ni kula saa za mgonjwa. Kijana mwenye selimundu naye hupata mawe ya nyongo akiwa bado mdogo, na kwa vile macho yake huwa na umanjano wa siku zote, familia iangalie homa ya kutetemeka na mkojo uliozidi weusi.

Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili, kule Upanga, ni mwendo mfupi hata kwa bajaji. Wanaokwenda wachukue picha ya altrasaundi ya awali na majina ya dawa zilizokwisha kumezwa, kisha waulize mapema kama mtaalamu wa kuzibua mrija yupo siku hiyo au mgonjwa ahamishiwe kwingine. Mrija ukishafunguliwa na homa ikaisha, kifuko kiondolewe katika kulazwa kulekule au ndani ya wiki 2. Ini litaendelea kutengeneza nyongo, itakayotiririka moja kwa moja utumboni, na mama atakula pilau tena.