Bonyeza Kabla Hajafika: Picha za Mbio Siku ya Michezo Shuleni

Siku ya michezo ikiisha, simu za wazazi wengi hujaa picha za namna moja: mtoto amekwishapita na kinachoonekana ni kisogo chake pembeni, au amekuwa ukungu wa rangi ya sare juu ya nyasi. Wengi huilaumu simu. Wengine wamesikia habari za picha za mfululizo, yaani kamera kufyatua picha kumi au zaidi kwa sekunde moja, wakadhani hiyo peke yake inatosha. Haitoshi. Mfululizo humfaa mtu aliyekwisha kuamua picha yake itatokea wapi na lini.

Tuchukue mbio za mita 100. Mtoto wa miaka 10 anayezimaliza kwa sekunde 17 anakwenda karibu mita 6 kila sekunde. Kamera ikipiga picha 10 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata mtoto amesogea sentimita 60. Tena kuna kuchelewa kwa mwili wako mwenyewe. Tangu jicho lione mpaka kidole kibonyeze, hupita takriban robo ya sekunde, na katika robo hiyo mtoto amekata mita moja na nusu. Ukisubiri uone kifua kikigusa utepe ndipo ubonyeze, picha yako ya kwanza itamkuta ng'ambo ya mstari, ameanza kupunguza mwendo na uso umelegea.

Dawa yake ni kuanza akiwa bado hajafika. Kabla ya mbio, tafuta alama iliyo mita tatu hivi kabla ya mstari wa kumalizia: jiwe, kigingi, au mahali chokaa ilipofifia. Mkimbiaji wako akifika hapo, anza mfululizo. Akishavuka utepe, achia. Hiyo ni kama nusu sekunde tu, kwa hiyo utapata picha kama tano, na mbili au tatu kati yake zitakuwa za pale penyewe. Usianze kufyatua tangu firimbi ya kuanzia. Kamera huhifadhi picha kwanza katika kumbukumbu ndogo ya muda, na ikijaa, kasi hupungua au kamera hukwama kabisa. Mara nyingi hukwama mtoto akiwa amebakiza hatua chache.

Namna ya kuwasha mfululizo hutofautiana. Kwenye iPhone za miaka ya karibuni, buruta kitufe cha kupigia upande wa kushoto huku umeshika simu wima, na ukishikilie hapo. Ukikishikilia bila kukiburuta, simu itarekodi video. Kwenye Samsung nyingi, ingia mipangilio ya kamera, fungua “Swipe Shutter button to”, chagua “Take burst shot”, kisha wakati wa kupiga buruta kitufe kuelekea ukingo wa simu. Kwa simu nyingine, jaribu nyumbani siku moja kabla, mtoto akikimbia uani, halafu fungua picha uhakikishe kweli umepata mfululizo.

Sasa mahali pa kusimama. Wazazi wengi hujipanga pembeni mwa njia, na hapo ndipo pagumu kuliko pote, kwa sababu mtoto anakatiza mbele ya lenzi kwa mwendo wake wote. Ukienda mita sita au nane ng'ambo ya mstari wa kumalizia, kidogo kando ili usimzuie mtu, atakuwa anakujia. Anayekujia hahami sana ndani ya fremu, na uso wake unauona wote. Piga goti moja ili lenzi iwe usawa wa kifua chake. Kisha gusa kioo cha simu pale palipo na utepe na ushikilie kidole mpaka fokasi ijifunge. Kwenye iPhone utaona maneno “AE/AF LOCK”. Kamera sasa haitahangaika kutafuta wakati watoto sita wanakuja kwa pamoja. Umeshaiambia kwamba tukio litakuwa hapo.

Mwanga nao una hesabu yake. Kamera ikiacha lenzi wazi kwa 1/60 ya sekunde, mtoto wetu wa mita 6 kwa sekunde anasogea sentimita 10 picha ikiwa bado inachukuliwa, kwa hiyo lazima atoke ukungu. Kwa 1/1000 ya sekunde anasogea milimita 6 tu, naye hutoka safi. Kwenye jua la uwanjani simu huchagua yenyewe kasi ya namna hiyo. Mwenye kamera kubwa aweke “S” au “Tv” kwenye gurudumu, achague 1/1000, halafu aweke fokasi ya kufuatilia, inayoandikwa “AF-C” au “AI Servo”.

Michezo ya kuruka ina zawadi yake. Mchezaji wa netiboli akiruka sentimita 30 kudaka mpira, hukaa hewani karibu nusu sekunde. Mvutano wa dunia humpunguza kasi anapopanda na kumwongezea anaposhuka, hivyo nusu ya muda huo wote huipitisha katika robo ya juu kabisa ya mruko wake, yaani ndani ya sentimita 7 au 8. Pale juu amekaribia kusimama. Kwa hiyo tazama magoti: akiyakunja kujiandaa, anza mfululizo. Picha mbili au tatu zitamkuta kileleni, mikono imenyooka, na hata simu ya kawaida itamtoa bila ukungu mwingi. Kwenye mbio za magunia ni hivyo hivyo. Subiri gunia lishuke, bonyeza wakati linapotaka kupanda.

Picha zikiharibika, zikuze kwenye kioo uzisome, kwa maana kila kosa lina alama yake. Nyasi za nyuma zikiwa safi na mtoto ana michirizi inayofuata mwelekeo wake, kasi ya kamera ilikuwa ndogo. Hamia penye mwanga zaidi au simama anakotazama. Kila kitu kikiwa na michirizi ya upande mmoja, ni mkono wako uliotikisika. Bana viwiko mbavuni. Mtoto akiwa na ukungu usio na michirizi, huku kitu kingine mbele au nyuma yake ni safi, fokasi ilijifunga pasipo pake.

Kuna mahali ambapo mfululizo hautakuokoa. Ndani ya ukumbi wenye taa chache, au jioni fainali zikichelewa, simu hulazimika kuacha lenzi wazi kwa muda mrefu, na picha kumi zitakuwa kumi zenye ukungu. Mwako wa simu haufiki mbali, na unaweza kumsumbua mchezaji. Hapo tafuta nyakati ambazo mchezo wenyewe unatulia: wakimbiaji wameinama kwenye mstari wakisubiri firimbi, mfungaji wa netiboli ameshika mpira akilenga pete, timu imekumbatiana baada ya bao.

Ukifika nyumbani, chagua siku hiyo hiyo. Katika kila mfululizo tazama kwanza macho, kisha miguu: tafuta picha ambayo miguu yote miwili iko juu ya ardhi, au goti la mbele limepanda, na uso unaonekana. Bakiza moja, au mbili zikishindana kweli, na zilizobaki zifute, ili simu iwe na nafasi ya mbio zijazo.