Milisekunde 73: Mpaka wa Mwanga Kati ya Mji Mkongwe na London

Ujumbe unaotoka kwenye kompyuta iliyoko Mji Mkongwe, Unguja, ukaenda hadi seva ya London na kurudi na jibu kwa njia ya nyuzi za kioo hauwezi kutumia muda ulio chini ya milisekunde 73 hivi, milisekunde moja ikiwa ni sehemu ya elfu ya sekunde. Mpaka huo haushuki hata kama uwezo wa mkongo utaongezwa mara mia, kwa sababu umewekwa na mambo mawili ambayo hayamo katika mamlaka ya kampuni yoyote ya simu, nayo ni umbali uliopo kati ya miji hiyo na kasi ya mwanga ndani ya kioo.

Katika ombwe, yaani mahali pasipo na kitu hata hewa, mwanga husafiri kilomita 299,792 kwa sekunde. Ukiingia ndani ya kioo, wimbi la mwanga huzitikisa elektroni za kioo hicho, nazo elektroni hutoa mawimbi yao madogo yanayochelewa kidogo nyuma ya lile la kwanza, na mawimbi yote hayo yakijumlishwa huwa wimbi moja linalosonga mbele kwa kasi ndogo zaidi. Kwa kioo kinachotumika katika mikongo ya baharini, na kwa mwanga wa infraredi unaopitishwa humo, ambao jicho la mtu haliuoni, kasi hupungua kwa takriban theluthi moja na kubaki kama kilomita 204,000 kwa sekunde. Hapo ndipo inapotoka kanuni iliyo nyepesi kukumbukwa, kwamba kila kilomita 100 za mkongo hudai takriban milisekunde 1 ya kwenda na kurudi.

Umbali wa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kati ya Mji Mkongwe na London ni kama kilomita 7,400, na kwa kasi ya mwanga ndani ya kioo umbali huo ndio unaozaa zile milisekunde 73. Lakini hakuna mkongo unaopita katika mstari huo, kwa kuwa ungelazimika kukata Kenya, Sudan Kusini na jangwa la Sahara. Mawasiliano ya Unguja huvuka kwanza mlango wa bahari hadi Dar es Salaam, ambako ilifika mikongo ya SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Njia ya kaskazini hufuata pwani, huzunguka Pembe ya Afrika, huingia Ghuba ya Aden, hupanda Bahari ya Shamu, huvuka nchi kavu ya Misri, kisha hupita chini ya Bahari ya Kati hadi Marseille na kuendelea hadi London. Njia hiyo ikikadiriwa kwenye ramani, pamoja na ulegevu unaoachwa makusudi ili mkongo ulale vizuri juu ya mabonde na vilima vya sakafu ya bahari, hufikia kilomita 10,500 hivi, na kima cha chini kinapanda hadi milisekunde 103. Vikuza mwanga, ambavyo hufungwa kwenye mkongo kila baada ya makumi ya kilomita ili kuupa mwanga nguvu mpya, haviongezi muda wa maana, kwa sababu havigeuzi mwanga kuwa umeme. Kinachobaki juu ya milisekunde 103 ni kazi ya ruta za nchi kavu, foleni za pakiti, na mizunguko ya nyaya mijini, na sehemu hiyo ndiyo pekee inayoweza kupunguzwa kwa ufundi.

Unguja imewahi kuishi na vikwazo vya aina nyingine. Mkongo wa simu ya maandishi uliolazwa mwaka 1879 kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji hadi Durban, ulikuwa wa shaba, na shaba ndefu iliyofunikwa na kuzungukwa na maji ya bahari hutunza chaji ya umeme, hivyo alama zilifika zikiwa zimetanuka na makarani walilazimika kuzituma polepole. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti zilizo juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 35,786. Ujumbe na jibu lake hupanda na kushuka masafa hayo mara nne kwa jumla, na ingawa mwanga huko hausumbuliwi na kioo, safari hiyo pekee humeza kama milisekunde 477. Kuhama kutoka satelaiti hizo kwenda kwenye mkongo ndiko kulikoushusha mpaka kwa kiasi kikubwa, na hakuna hatua nyingine iliyokaribia kufanya hivyo tangu wakati huo.

Wateja wengi huchanganya upana wa mkongo na muda wa safari. Kuongeza idadi ya boti katika bandari ya Malindi huwezesha abiria wengi zaidi kuvuka kwenda Dar es Salaam kwa siku moja, lakini hakumfikishi abiria yeyote mapema zaidi tangu boti yake ing'oe nanga. Tofauti hii huonekana wazi wakati wa kufungua ukurasa wa tovuti ulio salama, kwa sababu kompyuta hulazimika kwanza kufungua mawasiliano na seva, kisha kukubaliana nayo juu ya ufunguo wa siri, na ndipo iombe ukurasa wenyewe, na kila hatua husubiri jibu la ile iliyotangulia. Safari tatu za milisekunde 150 hutimiza karibu nusu sekunde kabla ya herufi ya kwanza kuonekana, na kifurushi cha intaneti chenye kasi kubwa zaidi hakipunguzi hata moja kati ya safari hizo.

Mpaka wenyewe unaweza kuhama pale njia inapobadilika. Mwezi Februari 2024 mkongo wa SEACOM ulikatika katika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Katika ajali za namna hii hutokea madhara mawili yanayostahili kutofautishwa. La kwanza ni foleni, kwa kuwa mizigo yote hubanwa kwenye njia iliyosalia. La pili ni urefu, kwa sababu njia ya kaskazini ikikatika, ile ya kuzunguka kupitia Afrika Kusini na pwani ya magharibi ya Afrika hadi Uingereza hukaribia kilomita 20,000, na kima chake cha chini ni kama milisekunde 195.

Madhara hayo mawili hutambuliwa kwa amri ya `ping`, inayotuma pakiti ndogo na kupima muda wa kurudi kwake. Ikitumwa mara nyingi, kisha ukatazamwa muda mdogo kuliko yote badala ya wastani, foleni hujitenga na umbali: muda mdogo ukibaki palepale huku wastani ukipanda, njia ni ileile ila imesongamana, na muda mdogo wenyewe ukiruka kutoka milisekunde 130 hadi 220, kuna uwezekano mkubwa kwamba njia imebadilika na kurefuka. Kipimo hichohicho hufichua mahali seva ilipo, kwani seva inayojibu kwa milisekunde 10 haiwezi kuwa mbali zaidi ya kilomita 1,000 za mkongo, hata jina lake likiwa la kampuni ya Ulaya. Hiyo ni nakala iliyowekwa Dar es Salaam, Mombasa au mji mwingine wa jirani.

Nyuzi zenye uwazi katikati, ambazo mwanga hupita hewani badala ya kupita kwenye kioo, zingeweza kuondoa karibu theluthi ya muda wa safari ya mwanga, lakini bado hazijalazwa kuvuka bahari kuu. Kwa sasa, taasisi ya Unguja inayotaka mfumo wake ujibu haraka ina njia moja ya hakika, nayo ni kuiweka seva karibu na wanaoitumia. Kutoka Mji Mkongwe hadi Dar es Salaam ni kilomita 75 hivi, na mwanga huenda na kurudi kwa muda usiofika milisekunde moja.